Msimbo wa QR Ukikataa Kusoma: Ni Mwanga au Ni Ruhusa?

Umefika kwa mama mboga saa moja unusu jioni, sukuma na nyanya ziko kwenye mfuko, na nyuma yako kuna watu watatu wanangoja. Unafungua programu, unaelekeza simu kwenye lile bango lenye msimbo wa QR, na hakuna kinachotokea. Wengi wetu tukifika hapo hufanya mambo mawili: tunatikisa simu, halafu tunakata tamaa na kuandika nambari ya malipo kwa haraka.

Hapo pa haraka ndipo pesa hupotelea. Mwanga mbaya wenyewe hauwezi kirahisi kupeleka pesa zako kwa mtu mwingine, na tutaeleza sababu. Nambari iliyoandikwa gizani ikiwa na tarakimu moja ya makosa inaweza. Kwa hivyo leo tunaeleza jinsi ya kujua tatizo liko wapi, jinsi ya kulitatua ukiwa umesimama palepale dukani, na wakati wa kuachana na kamera kabisa.

Kwanza angalia skrini: nyeusi au ina picha?

Kabla ya kugusa chochote, tazama kile kisanduku cha kusomea msimbo kwenye simu yako. Kinakuonyesha nini?

Ikiwa ni cheusi kabisa, au programu inakuambia haiwezi kufungua kamera, tatizo halihusu mwanga. Hata usiku, kamera inayofanya kazi huonyesha angalau vivuli, au taa ya mbali. Cheusi tititi kwa kawaida ni tatizo la ruhusa: simu imezuia programu isitumie kamera.

Ikiwa unaona picha ya bango lakini haisomi, basi ruhusa iko sawa. Tatizo ni mwanga, umbali, mng'ao au bango lenyewe. Usiende kwenye mipangilio kubadilisha kitu, maana utapoteza muda bure.

Tofauti hiyo ndogo inakuokoa dakika tano. Tuanze na picha inayoonekana lakini haisomi, kwa sababu ndiyo hukutana na watu wengi zaidi.

Kamera inatafuta nini kwenye msimbo

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka wa 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Utazame vizuri utaona miraba mitatu mikubwa kwenye kona tatu. Simu huitafuta hiyo kwanza, ili ijue msimbo uko wapi na umelala upande gani. Baada ya kuipata ndipo inasoma vile vijisanduku vidogo vyeusi na vyeupe vilivyo katikati.

Msimbo una akiba ndani yake. Kulingana na jinsi ulivyotengenezwa, unaweza kusomeka hata kama asilimia 7 hadi 30 ya habari zake imeharibika. Ndiyo maana msimbo wenye tone la mafuta ya chipo katikati bado unasoma vizuri. Lakini akiba hiyo haisaidii sana kona zikifunikwa. Bango lililokunjika kona moja, au lililofungwa kwa kamba inayopita juu ya mraba mmojawapo, linaweza kukataa hata saa sita mchana. Nyoosha kona kwanza.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni ule ukingo mweupe unaozunguka msimbo. Huo si urembo. Unaonyesha simu mahali msimbo unapoishia. Bango likikatwa kwa makasi hadi kwenye weusi, au likibandikwa kwenye ubao mweusi bila ukingo, simu inapata shida hata kwenye mwanga mzuri.

Msimbo wa malipo pia si sawa na ile mistari iliyo kwenye pakiti ya unga au sabuni. Ile ni msimbopau wa bidhaa, una tarakimu 13, na bidhaa nyingi zilizosajiliwa Kenya huanza na 616. Unaitambulisha bidhaa tu, hauna habari za malipo. Ukielekeza programu ya malipo hapo, kukataa kwake si hitilafu.

Mfano: kibanda chenye balbu moja

Turudi pale kwa mama mboga tuichukue hatua kwa hatua. Kibanda kina balbu moja inayoning'inia juu ya meza. Bango la msimbo limefunikwa kwa plastiki ngumu ili lisilowe, na limetundikwa kwa kamba chini ya balbu. Msimbo wenyewe una upana wa sentimita 6 hivi.

Mteja anaelekeza simu. Anaona bango, lakini katikati kuna doa jeupe linalong'aa. Anadhani giza limezidi, kwa hivyo anawasha tochi ya simu. Sasa doa limekuwa kubwa zaidi na limemeza nusu ya msimbo. Anaisogeza simu karibu, hadi sentimita 5. Picha inakuwa ya ukungu. Anasema simu yake imezeeka.

Simu haina makosa. Kuna mambo matatu yamechanganyika hapo, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mng'ao. Plastiki inarudisha mwanga kama kioo. Tochi ya simu iko kando kabisa ya lenzi, kwa hivyo ukishika simu sambamba na bango, mwanga wa tochi unagonga plastiki na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Mahali penye doa jeupe, simu haioni cheusi wala cheupe. Suluhisho ni kuinamisha simu kidogo upande, kama vile unachungulia bango kutoka pembeni. Doa litahama litoke nje ya msimbo. Msimbo wa QR husomeka hata ukitazamwa kwa mshazari kiasi, kwa sababu ile miraba mitatu inaisaidia simu kuunyoosha. Ikiwa mng'ao unatoka kwenye balbu, weka kiganja chako kati ya balbu na bango, au mwambie mwenye duka, "Mama, naomba uligeuze bango kidogo." Kuligeuza kidogo tu mara nyingi kunatosha.

La pili ni umbali. Kamera nyingi za simu haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 10 hivi, na simu za bei nafuu ambazo kamera yake haijirekebishi zinahitaji umbali zaidi. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni mara kumi: msimbo wa upana wa sentimita 3 husomeka vizuri ukiwa karibu sentimita 30, na wa sentimita 6 husomeka hata ukiwa sentimita 60. Kwa hivyo msimbo ukikataa, rudi nyuma kwanza kabla ya kusogea karibu. Rudi mpaka msimbo ujaze karibu nusu ya kisanduku, halafu gusa skrini mahali ulipo msimbo ili kamera ijirekebishe. Ngoja sekunde mbili.

La tatu ni mkono. Kwenye mwanga hafifu, kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha. Mkono ukitetemeka muda huo, vijisanduku vinachanganyikana vinakuwa kijivu. Ndiyo maana kutikisa simu kunazidisha tatizo. Egemeza kiwiko kwenye meza, au shika simu kwa mikono miwili ukiwa umebana viwiko kwenye mbavu.

Mteja wetu akizima tochi, akarudi nyuma hadi sentimita 40, akaziba balbu kwa kiganja na kuinamisha simu kidogo, msimbo unasoma. Sekunde kumi zimemtosha.

Basi tochi ni ya lini?

Tochi inafaa pale ambapo kweli hakuna mwanga na bango ni la karatasi ya kawaida isiyong'aa. Programu nyingi za malipo zina alama ya tochi kwenye ukurasa wa kusomea msimbo, kwa hivyo huhitaji kutoka. Iwashe ukiwa umbali wa kutosha na uinamishe simu.

Njia bora kuliko zote ni mwanga unaotoka upande. Mwombe mwenzako amulike bango kwa tochi ya simu yake akiwa kando yako, si nyuma yako. Mwanga wa pembeni unaangaza karatasi bila kurudi kwenye lenzi yako.

Msimbo ukiwa kwenye skrini ya simu nyingine au mashine ya dukani, usitumie tochi kabisa. Skrini ina mwanga wake, na kioo chake kitakurudishia tochi machoni. Mwombe mwenye simu aongeze mwangaza wa skrini hadi mwisho. Kama simu yake iko kwenye hali ya giza na msimbo unaonekana mweupe juu ya nyeusi, arudishe hali ya kawaida, maana visomaji vingine havisomi msimbo uliogeuzwa rangi.

Na kabla ya yote, pangusa lenzi. Simu inayokaa mfukoni na mkononi hupata mafuta ya vidole. Usiku utaitambua lenzi chafu kwa haraka: kila taa inaonekana na mkia mrefu wa mwanga. Kitambaa laini cha pamba kinatosha.

Skrini ikiwa nyeusi: mambo ya ruhusa

Tuje sasa kwa wale wanaoona weusi mtupu. Jaribio moja linakupa jibu. Toka kwenye programu ya malipo, fungua kamera ya kawaida ya simu.

Kamera ya kawaida ikionyesha picha, basi kamera ni nzima, na ni programu ya malipo pekee iliyonyimwa ruhusa. Kamera ya kawaida nayo ikikataa, basi kuna kitu kimezuia kamera yote: swichi ya simu, kava iliyoziba lenzi, programu nyingine inayoishikilia, au kamera imeharibika.

Kwenye Android, fanya hivi kurudisha ruhusa ya programu moja:

1. Bonyeza alama ya programu na ushikilie mpaka menyu itokee, kisha uchague `App info` au herufi i.
2. Chagua `Permissions`, kisha `Camera`.
3. Chagua `Allow only while using the app`.
4. Rudi ufungue programu upya.

Majina haya yanaweza kutofautiana kidogo kulingana na simu, na kama simu yako iko kwa Kiswahili yatakuwa kwa Kiswahili, lakini mpangilio unakaribiana.

Kwenye iPhone, ingia `Settings`, kisha `Privacy & Security`, kisha `Camera`. Utaona orodha ya programu zilizowahi kuomba kamera. Washa swichi ya programu ya malipo.

Wateja wengi hutuambia, "Lakini mimi sikuzima chochote." Mara nyingi ni kweli, na kuna sababu tatu za kawaida.

Ya kwanza, ulikataa zamani ukasahau. Kuanzia Android 11, ukikataa ruhusa mara mbili, simu haitakuuliza tena. iPhone huuliza mara moja tu. Baada ya hapo programu inabaki na skrini nyeusi mpaka uende kwenye mipangilio mwenyewe.

Ya pili, ulichagua `Only this time`. Chaguo hilo linatoa ruhusa ya mara hiyo tu. Kuuliza tena si kosa la programu, ni simu inatimiza ulichosema.

Ya tatu, hukuitumia programu kwa miezi kadhaa. Simu za Android za siku hizi huondoa ruhusa za programu ambazo hazijafunguliwa muda mrefu. Ukitumia laini nyingine kwa muda, ukirudi unaweza kukuta kamera imefungwa.

Kamera yote ikiwa imezuiwa, na simu yako ni Android 12 au zaidi, vuta menyu ya juu ya skrini mara mbili utafute kitufe kiitwacho `Camera access`. Simu nyingi zinacho. Kikizimwa, kila programu inapata weusi, hata ile ya kupiga picha. Mtoto akichezea simu anaweza kukizima bila kujua. Pia hakikisha huko kwenye simu ya video. Mazungumzo ya video yakiendelea, kamera imeshikwa, na programu nyingine haitaipata mpaka ukate. Kama ni simu ya kazini, huenda aliyeisimamia amefunga kamera makusudi, na hapo ni kumuuliza yeye.

"Kwa nini mnataka kupiga picha na kurekodi video?"

Swali hili tunaulizwa sana, na ni swali zuri. Android inapoomba ruhusa ya kamera huandika kwamba programu inataka kupiga picha na kurekodi video. Maneno hayo yanaogopesha, lakini ni ya Android, na ni yaleyale kwa kila programu. Hakuna ruhusa ndogo ya "kusoma msimbo tu". Kamera ni ruhusa moja.

Ndiyo maana tunakushauri uchague ile ya kutumia kamera wakati programu iko wazi pekee. Unaweza pia kuchunguza mwenyewe: kuanzia Android 12, na kwenye iPhone kuanzia iOS 14, alama ndogo ya kijani hutokea juu ya skrini kamera inapotumika. Ukifunga ukurasa wa kusoma msimbo, inapaswa kupotea.

Lakini kusoma msimbo kunahitaji kamera tu. Usisakinishe programu ya ziada ya kusoma QR kwa sababu yetu imekataa gizani. Na programu yoyote ya kusoma msimbo ikiomba kusoma ujumbe wako wa SMS, iondoe. Jumbe hizo zina nambari za siri za mara moja, na msimbo hauna haja nazo.

Kwa nini giza halibadilishi mpokeaji

Mwaka wa 2023 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kiwango cha kitaifa cha misimbo ya QR ya malipo. Ukiusoma msimbo wa aina hiyo kwa kamera ya kawaida, hutapata tovuti. Utaona mfululizo mrefu wa tarakimu unaoanza na `000201`. Usishtuke, msimbo haujaharibika. Ndani yake kuna vipande kama hivi, hapa tukiwa tumevitenganisha kwa mistari na kutumia duka la mfano:

```
5303404
5802KE
5914DUKA LA MTAANI
6006KISUMU
```

Kila kipande kina nambari ya aina, kisha urefu, kisha habari yenyewe. 53 ni sarafu, na 404 ni shilingi ya Kenya. 58 ni nchi. 59 ni jina la duka, lenye herufi na nafasi 14. 60 ni mji.

Mwisho wa mfululizo kuna herufi nne za ukaguzi zinazokokotolewa kutokana na yote yaliyotangulia. Programu inayozikagua ikisoma tarakimu moja vibaya, hesabu haitalingana, na itaukataa msimbo mzima. Kwa hivyo giza likizidi, matokeo ya kawaida ni kutosoma kabisa, si kusoma duka la jirani.

Nambari unayoandika kwa kidole haina ulinzi kama huo. Ukiandika 8 badala ya 3, na kuna duka lenye nambari hiyo, utaletewa jina la duka hilo.

Ukaguzi huo pia hauwezi kukuambia kama msimbo ni wa duka ulilosimama. Mlaghai akibandika stika yake juu ya bango la mama mboga, kamera itaisoma vizuri sana. Gizani ni vigumu kuona ukingo wa stika, kwa hivyo pitisha kidole juu ya bango. Ukigusa karatasi juu ya karatasi, uliza kabla ya kulipa.

Ukijaribu mara tatu ikakataa

Hapo acha kamera. Mwombe mwenye duka akutajie nambari ya malipo kwa sauti, uiandike, kisha umsomee tena tarakimu moja moja. Usiisome wewe mwenyewe kutoka kwenye bango lenye giza.

Kisha, iwe umetumia kamera au kidole, simama kwenye ukurasa wa kuthibitisha. Soma jina kwa sauti: "Mama, ni Duka la Mtaani?" Akisema ndiyo, angalia kiasi, ndipo uweke PIN. Akisema siyo, rudi nyuma. Kabla ya PIN hakuna pesa iliyotoka, hata kama foleni inanung'unika.

PIN yako inaingia kwenye programu ya malipo peke yake. Msimbo ukikufungulia tovuti inayoiomba, ifunge. Na mtu akikuambia uskani msimbo na uweke PIN ili *upokee* pesa, huyo anakuibia. Kupokea hakuhitaji PIN.